Likizo ya Ugonjwa: Waraka kwa Maneno Mepesi

Mufindi, 3 Juni 2024

Kwa wachumaji na wafanyakazi wote wa kiwanda cha chai

Ndugu mfanyakazi,

Waraka wa likizo ya ugonjwa uliobandikwa kiwandani ni mrefu na mgumu. Haya ndiyo yaliyomo. Wasimamizi watayasoma kwa sauti asubuhi, kabla ya watu kuingia shambani.

Ukiumwa, una haki ya kupumzika na kulipwa. Si hisani ya bosi. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32.

Siku zako ni 126 ndani ya miezi 36, yaani miaka mitatu. Miaka hiyo inahesabiwa tangu ulipoajiriwa. Ikiisha, hesabu inaanza upya. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara wote. Siku 63 zinazofuata unalipwa nusu. Tuseme mama amelazwa, kisha akapumzika nyumbani, jumla siku 70. Siku 63 analipwa zote. Siku 7 zilizobaki analipwa nusu. Bado ana siku 56 za nusu mshahara mpaka miaka yake mitatu iishe.

Lete cheti cha daktari. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Waraka unasema "mtumishi atakayeshindwa kuwasilisha cheti hatastahili malipo". Maana yake: ukiumwa kweli lakini huna cheti, kampuni hailazimiki kukulipa siku hizo. Kwa hiyo usiondoke hospitali bila karatasi. Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa. Cheti cha tabibu wa zahanati ya shamba nacho tunakipokea. Kama huwezi kutembea, mtume ndugu yako akilete.

Siku za kuumwa hazitolewi kwenye likizo yako ya mwaka ya siku 28. Wapo wanaoomba wenyewe tuzibadilishe. Hatuwezi, hata ukiomba, kwa sababu sheria inatukataza.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 bado hana likizo hii ya malipo. Lakini kibarua wa msimu anayo. Na aliyekuja na kuondoka, akarudi tena mwaka huohuo, anayo pia kama vipindi vyake vyote vikijumlishwa vinazidi miezi 6. Tafadhali msikilizeni vizuri msimamizi anaposoma sehemu hii, maana ndiyo inayoulizwa sana wakati wa kuajiri.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inaleta kifua. Usijikaze mpaka uanguke kwenye mistari ya chai.

Ukiona umekatwa pesa isivyo halali, njoo ofisini na cheti chako, au mtume mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Tusipokubaliana, unaweza kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie, kwa sababu kuna muda wa mwisho wa kulipeleka.

Waraka wa awali bado unatumika. Barua hii haipunguzi haki yoyote iliyo kwenye sheria.

Ukitaka kusomewa tena peke yako, mlango uko wazi kila siku ya kazi baada ya kupima majani ya jioni.

Ofisa Utumishi