Sehemu ya 4: Kasi ya Vimeng'enya na Athari za Vizuizi

Kiazi mviringo cha Lushoto kikikatwa na kuachwa wazi juu ya meza ya maabara yetu hapa Tanga hugeuka kahawia, kwa sababu kimeng'enya chake, katekoli oksidesi, huoksidisha katekoli kwa oksijeni ya hewani. Rangi hiyo hupimika kwa spektrofotometa, na kasi ya kuongezeka kwake katika sekunde za mwanzo ndiyo kasi ya awali, v, tunayoihitaji.

Ukolezi wa sabstreti, [S], ukiongezwa, kasi hupanda, kisha hukaribia kikomo, Vmax, kwa kuwa karibu kila eneo tendaji limeshakaliwa. Michaelis na Menten walieleza uhusiano huo mwaka 1913:

```
v = Vmax[S] / (Km + [S])
```

Km ni ukolezi unaotoa nusu ya Vmax. Wanafunzi wengi huichukulia kuwa kipimo cha mshikamano, jambo ambalo ni sahihi pale tu ambapo sabstreti huachiliwa haraka kuliko inavyogeuzwa kuwa zao.

Kizuizi shindani, kama asidi benzoiki kwa kimeng'enya hiki, hugombania eneo tendaji lile lile. Sabstreti ikiwa nyingi mno hukishinda, hivyo Vmax haibadiliki. Kinachobadilika ni Km inayoonekana, ambayo huwa Km(1 + [I]/Ki), ambapo [I] ni ukolezi wa kizuizi na Ki ni thabiti ya kutengana kwake na kimeng'enya. Tuchukue Vmax ya maikromoli 60 kwa dakika, Km ya milimoli 2 kwa lita, na kizuizi ambacho [I]/Ki yake ni 2. Km inayoonekana inakuwa 6. Kwa [S] ya 2, kasi inashuka kutoka 30 hadi 15, lakini kwa [S] ya 54 inashuka kutoka takribani 57.9 hadi 54 tu.

Kizuizi kisoshindani hujishika mahali pengine, kwa nguvu ile ile, sabstreti iwepo au isiwepo. Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU, hujipachika katika kishimo kilicho kando ya eneo tendaji la rivasi transkriptesi na kuudhoofisha utendaji wake. Hapa Vmax inayoonekana ni Vmax/(1 + [I]/Ki), na Km hubaki ilivyo, kwa sababu molekuli za kimeng'enya zilizosalimika hufanya kazi kama kawaida. Kwa tarakimu zile zile, kasi inakuwa 10 kwa [S] ya 2, na takribani 19.3 kwa [S] ya 54: kuongeza sabstreti hakupunguzi athari ya kizuizi, kwani kasi hubaki theluthi moja ya ile isiyo na kizuizi.

Katika grafu ya 1/v dhidi ya 1/[S], mistari ya kizuizi shindani hukutana kwenye mhimili wima, na ya kisoshindani kwenye mhimili mlalo. Grafu hiyo huyakuza makosa ya vipimo vya [S] ndogo, kwa hiyo thamani zenyewe zikokotolewe kwa kulinganisha data moja kwa moja na mlinganyo wa juu. Mistari ikikutana mahali pasipo juu ya mhimili wowote, kizuizi ni mseto, nacho hubadilisha Vmax na Km kwa pamoja.