Taarifa ya Maendeleo kwa Jopo la Uzamivu: Msamiati wa Uundaji wa Vyombo vya Mbao Nungwi na Matondoni

Imeandaliwa kwa kikao cha jopo cha tarehe 2 Juni 2025, Idara ya Kiswahili. Mtahiniwa yuko mwaka wa pili, usajili wa muda.

Waheshimiwa wajumbe,

Taarifa hii inahusu kazi niliyoifanya tangu niliposajiliwa Novemba 2023 hadi mwisho wa Aprili 2025. Rasimu ya sura mbili na sampuli ya vidahizo 40 mlishatumiwa wiki iliyopita. Ninaleta maombi matatu: nipandishwe kwenye usajili kamili wa uzamivu, Kilwa Kisiwani iondolewe kwenye maeneo ya utafiti, na tarehe ya kukabidhi tasnifu isogezwe kutoka Oktoba 2026 hadi Februari 2027. Yote yametokana na jambo moja. Pendekezo langu liliuliza swali ambalo mafundi hawakuwa na namna ya kulijibu, nami nilitumia wiki tano nikidhani wao ndio wenye tatizo.

Nilichoahidi

Pendekezo lililopitishwa Machi 2024 liliahidi kukusanya istilahi za uundaji wa vyombo katika maeneo matatu, Nungwi (Unguja), Matondoni (Lamu) na Kilwa Kisiwani, kisha kuzilinganisha kilahaja na kuzipima dhidi ya kamusi. Msingi wa nadharia ulikuwa wa Eugen Wüster: dhana hutangulia, istilahi hufuata, na kila dhana iwe na jina lake moja. Kwa hiyo niliandaa hojaji ya picha 120. Picha ya mkuku, picha ya mlingoti, picha ya foromali, na chini ya kila moja swali lilelile: "Hiki kinaitwaje?"

Kazi iliyokamilika

Nungwi nilikaa wiki kumi na moja, Julai hadi Septemba 2024. Matondoni wiki saba, Januari na Februari 2025. Nina saa 52 za sauti zilizosalimika (33 za Nungwi, 19 za Matondoni), na saa 29 kati ya hizo zimeshanukuliwa kwenye ELAN. Nimezungumza na mafundi wakuu 9, wanagenzi 14 na manahodha 5. Ridhaa zote zilitolewa kwa mdomo na kurekodiwa, kama kamati ya maadili ilivyokubali, na kila mtu anatajwa kwa alama tu: FN3 ni fundi wa tatu wa Nungwi, WM2 ni mwanagenzi wa pili wa Matondoni.

Kanzi ina vidahizo 412. Vidahizo 260 nimeshavipitisha kwenye kamusi nne: ya Krapf (1882), ya Johnson (1939), ya Sacleux (1939) na Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981). Linganisho hili linahitaji uangalifu ambao sikuuona mwanzoni. Krapf aliishi Mombasa na Rabai, na Kimvita ndicho alichokisikia zaidi. Sacleux, padri aliyekaa Bagamoyo na Unguja, aliweka alama za lahaja karibu kila mahali. Nikikuta neno kwa Sacleux na nisilikute kwa Johnson, siwezi kusema lilikufa baina yao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na bahari yake. Sura ya 2 sasa inalieleza hili kwa kirefu. Msimamizi anaona ni kirefu mno, na huenda ana haki.

Sura ya 1 na ya 2 zipo katika rasimu kamili. Sura ya 3, ya mbinu, imeandikwa na kufutwa.

Swali lilivyovunjika

Nitaeleza tukio moja, kwa sababu mpango mpya umejengwa juu yake.

Katika wiki ya tano Nungwi nilimwonyesha FN3 picha ya mataruma ndani ya ngama ya jahazi. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Mbao za ndani." Nikaandika: *istilahi haijulikani*. Nilikuwa nimeshaandika hivyo mara kumi na saba kwa mafundi watatu, na daftarini nilianza kuandaa hoja kwamba msamiati wa kazi hii umepotea. Hoja ingependeza sana kwenye makongamano.

Mchana uleule nilikaa pembeni yake akichonga kwa tezo kipande cha mwembe chenye mpindo wa asili. Mwanagenzi alipita akauliza kama hilo taruma ni la kushoto. FN3 hakuinua uso. "Huo bado mti," alisema. "Taruma likishakaa." Akaendelea kuchonga, akakipeleka kipande chomboni, akakijaribu, akakirudisha, akachonga tena. Mara ya nne kikakaa, akakigonga kwa kiganja, na hapo ndipo akamwita kijana: "Haya, lete misumari ya taruma."

Kumbe neno alikuwa nalo siku zote. Alichokosa ni sababu ya kulitumia mbele ya karatasi. Picha yangu ilionyesha kitu kilichokwisha, kisicho na kazi ya kufanywa, na mgeni aliyeuliza alionekana ni mtu wa kujibiwa kwa lugha ya wageni. Nungwi, ambako fundi hukatizwa na watalii kila saa, "mbao za ndani" ni jibu la adabu kabisa.

Nilirudi kwenye rekodi nikazisikiliza upya. Kati ya zile "hazijulikani" kumi na saba, kumi na mbili zilikuwa zimetamkwa na mafundi walewale, katika maongezi ya kazi, wakati hojaji yangu imelala mchangani. *Hanamu*, kwa mfano, niliikosa kwenye picha ya omo, lakini ilitajwa mara sita siku moja: mara mbili kwa maana ya sehemu ya mbele inayokata maji, mara nne kwa maana ya mkato wa mshazari kwenye ubao wowote. Fundi hatenganishi maana hizo mbili kama kamusi zinavyozitenganisha. Akisema "ipe hanamu", mkono ndio unaoonyesha ni ipi.

Kwa hiyo kidahizo changu kimebadilika. Awali kilikuwa na umbo, ngeli na maana. Sasa kinabeba pia hatua ya kazi na mtu anayeambiwa:

```
\lx taruma
\ps nomino ji-/ma-
\dn ubavu wa chombo, ukishakaa mahali pake
\nt kabla ya kukaa: "mti"; kwa mgeni: "mbao za ndani"
\xv Taruma likishakaa.
\so NUN-027, FN3
```

Wüster hawezi kubeba mstari wa `\nt`. Teresa Cabré, aliyeikosoa nadharia hiyo akitaka istilahi zitazamwe ndani ya mawasiliano halisi, ananisaidia zaidi, na semantiki fremu ya Fillmore inanipa namna ya kuipanga kazi yenyewe: kuchonga, kujaribisha, kupigilia, kukalafati, kushusha majini. Mjumbe mmoja alinionya kwenye kikao cha Machi 2024 kwamba Wüster atanibana. Namkiri hapa.

Vikwazo vingine

Kibali cha upande mmoja kilichukua miezi mitano, ilhali ratiba yangu ilikadiria miwili. Barua zilirudishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu jina la mada lilikuwa na neno moja zaidi ya lile la fomu. Hili ndilo lililosogeza Matondoni kutoka Oktoba hadi Januari.

Diski ya nje iliharibika Septemba 2024 ikiwa na saa 9 ambazo sikuwa nimezinakili kwingine. Kosa ni langu peke yangu. Tangu hapo kila faili hunakiliwa sehemu tatu usiku uleule, na daftari la faili limeambatishwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba saa mbili kati ya hizo zilikuwa za FN1, mzee kuliko wote, aliyefariki Novemba. Familia yake imenikubalia kuendelea kutumia rekodi nyingine tatu alizoniachia.

Unukuzi wa Matondoni ulinipa somo la ziada. Msaidizi wangu ni mzaliwa wa Unguja, makini sana, lakini alinukuu Kiamu kwa sikio la nyumbani kwao. Nilishangaa kuona *ndoo* imejitokeza mara 31 katika eneo la kazi, nikaiingiza kwenye orodha ya vifaa na kuanza kufikiria matumizi yake katika kukalafati. Nilipozisikiliza sauti, nyingi zilikuwa fundi anamwita mwanagenzi: "Ndoo hapa!" Yaani njoo. Ndoo za maji zilikuwa nne tu, na maji yenyewe ni *mai*. Faili zote za Matondoni sasa zinapitiwa na mnukuzi wa pili ambaye ni Mwamu, na hiyo imeongeza gharama nisizokuwa nimezipangia.

Kikwazo cha mwisho ni msimu. Julai hadi Septemba ni wakati wa wageni wengi Nungwi, na mafundi wawili niliowategemea walikuwa wakitengeneza vitanda vya hoteli wakati chombo chao kimesimama ufukweni nusu. Nilirekodi vitanda pia. Huenda visitumike.

Mpango uliorekebishwa

Swali kuu sasa ni hili: jina la sehemu ya chombo hubadilikaje kulingana na hatua ya kazi na mtu anayeambiwa, na mwanagenzi hujifunzaje kulitumia mahali pake? Ulinganishi wa lahaja unabaki, ila unakuwa sura moja (ya 6) badala ya tasnifu nzima.

Kilwa inatoka. Mbinu mpya inataka kukaa na chombo kimoja tangu mkuku hadi kushushwa, na wiki tatu nilizokuwa nimezitenga kule zingenipa orodha nyingine ya picha. Napendelea kurudi Nungwi wiki sita, kuanzia mwanzoni mwa Desemba 2025, ambako FN3 na mwenzake wameahidi kuanza mashua ya futi 28 mbao zikipatikana. Zisipopatikana, nitafuata ukarabati wa jahazi ambalo tayari limepandishwa pwani. Litanipa hatua za kupigilia na kukalafati, lakini si za mkuku, na Sura ya 4 itapungua kwa kiasi hicho.

Kabla ya hapo, Juni hadi Septemba 2025, ninamaliza unukuzi wa saa 23 zilizobaki na kuandika upya Sura ya 3. Oktoba na Novemba ni za vidahizo 152 ambavyo havijalinganishwa na kamusi. Baada ya Nungwi, Sura ya 4 (hatua za kazi) ifike kwa msimamizi Aprili 2026, ya 5 (wanagenzi) Julai, ya 6 Septemba. Miezi iliyobaki ni ya Sura ya 7, marekebisho na kanzi kwenye FLEx, ambayo nakala yake itapelekwa Nungwi na Matondoni ikiwa imechapwa. Mafundi wa pande zote mbili waliomba karatasi, na WM2 ameomba iwe na michoro.

Kuna jambo moja ambalo ningependa jopo linishauri, kwa kuwa mimi na msimamizi hatujakubaliana. Yeye anaona majibu ya hojaji ya picha yaondolewe kabisa kwenye data. Mimi naona yabaki, kama ushahidi wa namna fundi anavyosema na mtu asiyejua kazi. "Mbao za ndani" nayo ni data, mradi isiitwe istilahi. Hoja za pande zote mbili ziko ukurasa wa 14 wa Kiambatisho B.

Naambatisha pia bajeti mpya na barua ya msimamizi.

Wenu katika kazi,
Mtahiniwa wa uzamivu, Idara ya Kiswahili
12 Mei 2025