Maongezi na Fomu Foo kabla pepa zianze

Sogeeni mbele, nyinyi wa nyuma vuteni viti mje karibu juu sitaki kupiga kelele. Deputi amenipa hii nusu saa ya gemzi na leo hatufanyi rivisheni, wekeni hizo kalamu chini.

Tangu matokeo ya moku yabandikwe nimekuwa nikiwaangalia. Kuna wenye wanafika kabla geti ifunguliwe, kuna wenye walikuwa wanaongea sana darasani na sasa wamenyamaza, na kuna mmoja wenu aliniuliza kwa koridoo, "Mwalimu, ni kawaida mtu kutapika kabla ya pepa?" Nilimjibu mbio mbio juu kengele ilikuwa imelia, lakini hilo swali linataka jibu refu na sidhani ni lake peke yake.

Jibu ni ndio, mara nyingi ni kawaida. Ubongo ukihisi kuna jambo kubwa mbele yako, mwili unamwaga adrenalini kwa damu. Moyo unaenda mbio ili damu ifike kwa misuli, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho, na tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula, ndio maana unasikia kichefuchefu ama unataka choo kila dakika tano. Kwa mwili wako pepa ya Kemia na mbwa anayekukimbiza usiku ni kitu kimoja, unajitayarisha kukimbia ama kupigana. Haimaanishi hukusoma, na haimaanishi utafeli, na kiasi kidogo cha hiyo hofu ndicho kinakuamsha uwe makini. Kwa watu wengi inaanza kushuka wakishaandika kwa dakika chache.

Sasa ile mnaogopa zaidi, kichwa kuwa blanki. Unafungua Hesabu Pepa Wani, unasoma swali la kwanza, hakuna kitu, unasoma tena, hakuna kitu, halafu unamsikia jirani akipindua ukurasa na unaanza kujiambia mwenzangu amemaliza na mimi nimekwisha. Hapo weka kalamu chini. Miguu yote miwili iguse sakafu, vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu hadi nne, itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita, rudia kama mara tano hivi. Ile kutoa pumzi ndefu ndiyo inauambia moyo ushuke. Unaona unapoteza taimu, lakini pepa ni masaa mawili na nusu, yaani dakika 150, na hiyo ni dakika moja tu. Ukimaliza usirudi kwa lile swali limekushinda. Seksheni Wani ina maswali 16 na yote unafanya, tafuta lile unalijua hata kama ni la maks mbili, liandike, maana ukiandika kitu unachokijua na vingine vinaanza kurudi. Seksheni Tu unachagua matano kwa manane, kwa hivyo kuna matatu hata hayakuhusu, usiyakasirikie. Na ukizidiwa kabisa inua mkono umwambie msimamizi, hakuna kosa hapo.

Zoezeni hiyo pumzi kuanzia leo, kwa matatu, kwa kitanda, popote, juu kitu hujawahi kukifanya hutakikumbuka ukiwa na hofu.

Usingizi sitausema sana kwa sababu mnaujua na hamsikii. Umri wenu mtu anahitaji masaa nane hadi kumi, na ubongo unapanga kile ulisoma mchana wakati umelala, kwa hivyo kukesha usiku wa kuamkia pepa ni kujiibia. Muguka, vinywaji vya kuongeza nguvu, tembe umepewa na rafiki ati za kukaa macho, hizo zinaongeza huo moyo kwenda mbio. Na zile grupu za Telegramu za kuuza pepa tokeni leo leo, wanachukua pesa ya mzazi wako na wanakuachia wasiwasi.

Sasa nataka mnisikize vizuri hapa.

Hofu ya kawaida inakuja na inaenda. Inapanda pepa ikikaribia, inashuka ikiisha, na katikati bado unacheka na wenzako na chakula kinapita. Kama kwa wiki mbili hivi karibu kila siku hulali, ama hukuli, unalia bila kujua kwa nini, vitu ulipenda havikuvutii, tumbo ama kichwa kinauma kila asubuhi ya shule, umeanza kutoroka masomo, ama unashikwa na hofu ya ghafla mpaka unaona kama unakufa hata mahali hakuna mtihani, hiyo imepita kiasi cha kubeba peke yako. Si uvivu na si kukosa imani. Mtu anaweza kuomba Mungu na pia aone daktari, hivyo viwili havigombani.

Najua wengine wenu pepa si shida pekee. Kuna mwenye anasoma kwa nyumba ya chumba kimoja na watoto watatu wanapiga kelele, kuna mwenye anadaiwa karo na anaogopa kuitwa ofisini, kuna fastiboni ameambiwa familia yote inamtegemea yeye. Hayo pia niambieni, mengine tunaweza kuyapunguza, hata ni kukuachia darasa jioni usome kwa utulivu.

Na kama umefika pahali unafikiria kujiumiza, ama unaona afadhali usingekuwepo, hiyo haingoji wiki mbili wala Jumatatu. Unasema siku hiyo hiyo. Mimi, mwalimu wa ushauri, mama, anti, kaka mkubwa, yeyote mzima unayemwamini, na akikupuuza enda kwa mwingine, usiachie hapo. Kuna namba 116 ya Childline, ni bure, wanashika mchana na usiku, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, hiyo pia bure. Ukikosa maneno sema tu, "Mwalimu, siko sawa, naogopa kubaki peke yangu." Inatosha, mengine tutayaongea polepole.

Rafiki yako akikuambia hivyo, ama aanze kugawa vitu vyake na kutuma meseji za kuaga, usimcheke na usimwachie. Kaa naye mpaka mtu mzima aje. Ukiapishwa usiseme, sema. Afadhali akununie mwezi mzima.

Mtu asiogope kwamba nitapeleka maneno yake stafurumu. Sitapeleka. Lakini sitawadanganya pia, nikiona maisha yako yako hatarini lazima nihusishe mzazi ama daktari, na nitakuambia kwanza kabla nifanye hivyo, na tutaamua pamoja nani aambiwe na vipi.

Kuhusu gredi, najua kuna wenye wameambiwa wakikosa C plasi wasirudi nyumbani. C plasi ni ya digrii. Diploma inaanza C mainasi, satifiketi inaanza D plein, na kozi za ufundi wanachukua hata E, na KCSE inarudiwa. Mzazi akikusukuma sana niambie nimpigie, hiyo kazi nimeifanya sana na wengi wao pia wanaogopa tu kama wewe.

Ofisi yangu ni ile karibu na labu ya Bayolojia, niko hapo kila siku mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenye hataki kuonekana akiingia aandike jina kwa karatasi aiweke katikati ya kitabu cha mazoezi akinipa kusahihisha, nitakuita kama nakuita ya maks. Wenye maswali bakini, wengine mwende gemzi, na mkimbie kweli, msikae chini ya mti na manoti.