Karibuni Kosta ya Mikumi, gaidi anaongea kabla hatujatoka Ubungo

Haya jamani shkamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi? Mnanisikia huko nyuma? Maiki hii ina kukoroma kidogo mnivumilie. Mimi ndo gaidi wenu, yaani muongoza watalii, niiteni Gaidi tu inatosha, na huyu kwenye usukani ni Suka wetu, akikaa kimya msidhani kanuna, yuko kazini.

Ratiba fupi: tunatoka sasa hivi kabla foleni haijaamka, Kibaha, Chalinze, Moro tunashuka kupata supu, halafu Mikumi, kama kilomita 300 hivi. Ile barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 kwahiyo wanyama mtaanza kuwaona hata geti hatujafika, na hapo Suka atapunguza mwendo maana mwisho ni 70 mchana, asije mtu akapiga kelele mbona tunatambaa. Na hakuna kushuka pale kupiga selfi wala kuwarushia nyani maganda ya ndizi, wakishazoea wanakaa barabarani wanagongwa na malori.

Sasa nataka kila mtu aniambie amekuja kutafuta nini, na usiseme "chochote tu Gaidi" maana hifadhi ina kilomita za mraba 3,230 na sisi tuna jioni ya leo na asubuhi ya kesho basi, kwahiyo njia napanga kwa maneno yenu. Mzee wangu hapo mbele, anza.

– Mimi nimeendesha lori Dar Tunduma miaka mingi mwanangu. Tembo nimewaona sana, ila kwa dirishani nikiwa na mzigo wa watu. Sijawahi kuingia ndani hata siku moja.

Duh. Mzee basi wewe kwenye Kruza unakaa siti ya mbele na tukikuta tembo tunazima injini mpaka wewe useme twende. Huo ushaisha. Dogo wewe?

– Simba anakula nyama!

Simba naweza kukutafutia, hiyo nyama ndo sikuahidi, maana simba mchana kutwa kalala tu. Ila kesho tukiingia geti linapofunguliwa, kibaridi bado kipo, tunaenda uwanda wa Mkata, pale ni nyasi wazi, nyati na pundamilia wapo wengi na yeye anawafuata haohao. Ukichelewa kuamka tunaenda na mama yako, wewe unabaki na Suka.

Nyie maharusi?

– Picha na twiga, na tumekuja na droni.

Hongereni sana, twiga Mikumi ni wengi mpaka mtachoka. Droni ibaki kwenye begi tafadhali, kuirusha hifadhini bila kibali ni kesi.

– Gaidi na kifaru je?

Kaka sikudanganyi, Mikumi kifaru hakuna, huyo ni safari nyingine, Ngorongoro au Mkomazi. Kuna magaidi watakwambia "tujaribu bahati", mimi siwezi, hela yako umeitafuta kwa jasho.

– Mimi nataka ndege, niko na darubini. Na naomba tusipigiwe muziki.

Sawa dada nimekuelewa, na naona kijana wa siti ya nyuma kaficha spika chini ya kiti haha. Tufanye hivi, Kruza ziko mbili. Moja inazunguka kutafuta simba na tembo, nyingine inaenda polepole, inakaa sana pale bwawa la viboko na ndege wa majini. Muziki mwisho wake getini, kwa magari yote mawili. Moro kwenye supu kila mtu anitajie anapanda ipi, na mzee na dogo nishawaweka ya kwanza.

Mama, wewe hujasema.

– Mimi baba nimemsindikiza mjukuu. Nataka kurudi mzima, na hao ndorobo ndo nawaogopa kuliko simba.

Umesema la maana sana mama yangu. Ndorobo wapo, hasa kwenye miti miti, na wanapenda rangi nyeusi na bluu, sasa hilo gauni lako la bluu iliyokolea, samahani, ni mwaliko kabisa. Una khanga ya rangi nyepesi? Safi, jifunge hiyo. Na wewe ukae Kruza ya bwawani, ile inazunguka kwenye uwazi zaidi. Simba usiwe na wasi, sheria ni moja, hakuna kushuka garini mpaka mimi niseme, hata simu ikidondoka.

Mwisho, mifuko ya plastiki ile ya kubebea kama unayo niachie hapa, ilipigwa marufuku toka 2019. Vitambulisho vya NIDA viwe karibu, getini wataviomba.

Haya nani hayupo? Dada wa siti ya 14 bado yuko chooni, Suka usiwashe kwanza.