Hongera, Mwanakombo!

Sisi wanachama wa Klabu ya Fasihi tunakupa mkono wa pongezi kwa kushika nafasi ya kwanza katika mashindano ya insha ya taifa. Mashallah! Skuli nzima ya hapa Wete imefurahi, na mlezi wetu wa klabu ameshamhadithia kila anayepita.

Wengi wetu tukipewa mada ya karafuu hukimbilia uchumi na fedha za kigeni. Wewe ulimwandika bibi anayechambua usiku, makonyo huku, karafuu huku, vidole vikinukia hata akimega ugali. Na ile aya ya wingu linalotanda ghafla, jirani waliokuwa hawasemezani wakikunja pamoja majamvi ya karafuu zilizoanikwa kabla mvua haijawahi kuzirowesha! Kwetu sisi, hapo ndipo uliposhinda. (Utangulizi ulikuwa mrefu, tulikwambia, nawe ukaupunguza bila kununa.)

Wazazi wako nao tunawapongeza. Alkhamisi baada ya masomo utatusomea insha yote, usitafute udhuru. Kahawa na visheti vitakuwepo.

Wenzako,
Klabu ya Fasihi, Wete, Pemba