Mkataba wa Mkopo wa Biashara: Tafsiri ya Kiswahili kwa Matumizi ya Mkopaji

Tafsiri hii imetolewa kwenye mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na imekusudiwa isomwe na Mkopaji kabla hajatia saini. Majina na anwani za wahusika zimebaki katika nakala halisi. Humu wanaitwa Mkopeshaji na Mkopaji. Pale ambapo maneno ya mkataba, hata yakitafsiriwa sawasawa, yangeweza kumpotosha msomaji, nimeongeza maelezo yangu chini ya kifungu. Maelezo hayo si sehemu ya mkataba.

Kifungu cha 1: Mkopo na matumizi yake

Mkopeshaji anakubali kumkopesha Mkopaji shilingi 3,000,000, na Mkopaji anakubali kuzitumia kununua vitambaa, nyuzi na vifaa vingine vya biashara yake ya kushona sare, na si kwa jambo jingine lolote, isipokuwa Mkopeshaji ameridhia kwa maandishi. Fedha zitaingizwa katika akaunti ya Mkopaji tarehe 5 Februari 2025, baada ya kukatwa ada ya maandalizi ya asilimia 1.

*Maelezo ya mfasiri:* Ada hiyo ni shilingi 30,000, kwa hiyo kitakachoingia kwenye akaunti ni shilingi 2,970,000. Deni, hata hivyo, ni shilingi 3,000,000 kamili, na riba inahesabiwa juu ya kiasi hicho kamili.

Kifungu cha 2: Riba

2.1 Mkopo utatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, sawa na asilimia 1.5 kwa mwezi, na kiwango hicho hakitabadilika hadi mkopo uishe.

2.2 Riba ya kila mwezi itakokotolewa juu ya salio la deni la msingi lililokuwepo kabla ya rejesho la mwezi huo, kwa kanuni hii:

```
riba ya mwezi = salio la deni la msingi × 0.015
```

2.3 Riba ambayo haijalipwa haitaongezwa kwenye deni la msingi wala haitatozwa riba nyingine.

*Maelezo ya mfasiri:* Neno la kushika hapa ni "salio". Kila Mkopaji anapopunguza deni la msingi, riba ya mwezi unaofuata nayo hupungua, na kwa miezi 6 jumla yake ni shilingi 157,500. Kama asilimia hiyo hiyo ingetozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, bila kujali kilichokwisha kulipwa, jumla ingekuwa shilingi 270,000. Katika rasimu ya kwanza ya tafsiri hii niliandika "asilimia 1.5 ya mkopo kila mwezi", nikaifuta, kwa sababu maneno hayo yanabeba maana hiyo ya pili, na tofauti yake ni shilingi 112,500 zinazotoka mfukoni mwa Mkopaji.

Kifungu cha 3: Ratiba ya marejesho

3.1 Mkopaji atalipa marejesho 6, kila moja likiwa na shilingi 500,000 za deni la msingi pamoja na riba ya mwezi huo, kama ifuatavyo:

| Tarehe (2025) | Salio kabla ya rejesho | Deni la msingi | Riba | Rejesho |
|---|---|---|---|---|
| 5 Machi | 3,000,000 | 500,000 | 45,000 | 545,000 |
| 5 Aprili | 2,500,000 | 500,000 | 37,500 | 537,500 |
| 5 Mei | 2,000,000 | 500,000 | 30,000 | 530,000 |
| 5 Juni | 1,500,000 | 500,000 | 22,500 | 522,500 |
| 5 Julai | 1,000,000 | 500,000 | 15,000 | 515,000 |
| 5 Agosti | 500,000 | 500,000 | 7,500 | 507,500 |
| Jumla | | 3,000,000 | 157,500 | 3,157,500 |

3.2 Tarehe ya rejesho ikiangukia siku isiyo ya kazi, malipo yatafanyika siku ya kazi inayofuata bila adhabu.

3.3 Malipo yoyote yatakayopokelewa yatagawanywa kwa mpangilio huu: kwanza gharama za kufuatilia deni, pili adhabu ya kuchelewa, tatu riba, na mwisho deni la msingi.

3.4 Mkopaji anaweza kumaliza mkopo kabla ya muda wake bila kutozwa ada, akilipa salio la deni la msingi na riba hadi siku anayolipa.

*Maelezo ya mfasiri:* Kifungu cha 3.3 ni kifupi lakini kina uzito. Mkopaji aliyechelewa, akipeleka fedha kidogo kidogo, anaweza kukuta zimeishia kwenye adhabu na riba huku deni la msingi likibaki vilevile. Kila anapolipa, adai stakabadhi inayoonyesha kiasi kilichokwenda kila upande.

Kifungu cha 4: Kuchelewa

Rejesho lisilolipwa kwa tarehe yake litatozwa adhabu ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya kiasi kilichochelewa tu, ikihesabiwa kwa siku kwa kuchukulia kwamba mwezi una siku 30. Adhabu yenyewe haitazaa adhabu nyingine.

*Maelezo ya mfasiri:* Rejesho la Aprili likichelewa siku 12, adhabu ni 537,500 × 0.02 × 12 ÷ 30, yaani shilingi 4,300.

Kifungu cha 5: Kuvunja mkataba

5.1 Mkopaji atahesabiwa kuwa amevunja mkataba iwapo: (a) rejesho lolote, zima au sehemu yake, litabaki bila kulipwa kwa siku zaidi ya 15 baada ya tarehe yake, (b) atakuwa alitoa taarifa za uongo ili apate mkopo, au (c) atauza, ataweka rehani au atahamisha dhamana bila ridhaa ya maandishi ya Mkopeshaji.

5.2 Lolote kati ya hayo likitokea, Mkopeshaji atampa Mkopaji notisi ya maandishi ya siku 14, ikitaja kosa na namna ya kulirekebisha. Mkopaji akirekebisha ndani ya siku hizo, mkataba utaendelea kana kwamba kosa halikutokea.

5.3 Notisi ikiisha bila marekebisho, Mkopeshaji anaweza kudai kwa mkupuo salio lote la deni la msingi, pamoja na riba na adhabu zilizokwisha kulimbikizwa hadi siku hiyo. Riba ya miezi ambayo haijafika haitadaiwa.

*Maelezo ya mfasiri:* Nakala ya Kiingereza inatumia neno moja kwa kuchelewa na kwa kuvunja mkataba, na ni vifungu vyenyewe vinavyolipatia neno hilo maana tofauti. Nimetumia maneno mawili, kwa sababu aliyechelewa siku 3 anadaiwa adhabu tu. Hajavunja mkataba, na hakuna anayeruhusiwa kumdai deni lote.

Kifungu cha 6: Dhamana

6.1 Dhamana ya mkopo huu ni cherehani mbili za umeme, ambazo namba zake zimeorodheshwa katika nakala halisi. Zitabaki mikononi mwa Mkopaji naye ataendelea kuzitumia.

6.2 Mkopeshaji hataziondoa kabla notisi ya kifungu cha 5.2 haijaisha. Zikiuzwa, zitauzwa kwa bei halali ya soko. Kitakachozidi deni atarudishiwa Mkopaji, na kitakachopungua kitabaki kuwa deni lake.

Kifungu cha 7: Lugha

Iwapo tafsiri itatofautiana na nakala ya Kiingereza, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.

*Maelezo ya mfasiri:* Kwa sababu ya kifungu hiki, Mkopaji anayo kila sababu ya kuomba, kabla ya kusaini, kwamba tafsiri hii iambatishwe na kila ukurasa utiwe saini ndogo na pande zote mbili.

Uthibitisho wa mfasiri

Ninathibitisha kwamba nimetafsiri vifungu vyote 7 bila kupunguza wala kuongeza, isipokuwa maelezo yaliyotajwa kuwa yangu, kwamba nimerudia hesabu za ratiba mstari kwa mstari na kuzikuta zinaafikiana na kanuni ya kifungu cha 2.2, na kwamba nimemsomea Mkopaji tafsiri hii kwa sauti tarehe 1 Februari 2025, naye akanieleza kwa maneno yake mwenyewe kitakachotokea endapo rejesho la Mei litachelewa siku 20.