Springi ya Jiwe la Nne

Redio ya bibi niliikuta imefunikwa kanga kuukuu juu ya kasha, kama mgonjwa aliyelala.

Nilitoka Unguja kwa boti ya asubuhi, nikashukia Mkoani, nikapanda gari hadi Chake na nyingine hadi Mtambwe. Njia nzima nilikuwa na hamu ya sauti ile. Kwa bibi redio ndiyo iliyomwamsha mtu kwa Kurani kabla ya jua, ikasoma habari watu wakila, na usiku ikatuimbia taarabu mpaka usingizi ukatuchukua. Safari hii nilipiga hodi nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka ukumbini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko Unguja hamli?"

Nilicheka, nikauliza redio ina nini.

"Imekufa." Alikuwa akichambua karafuu kwenye jamvi, anatenga makonyo upande wake, na mkono haukusita. "Tangu Mfunguo Sita. Nimeitia mawe mapya mara mbili, haikusema kitu. Nikaipeleka mjini kwa fundi, akakaa nayo wiki nzima, akanambia ndani kumeungua, ninunue nyingine. Nikamlipa, nikairudisha nyumbani."

"Sasa mbona hujaitupa?"

Akaniangalia. "Babu yako kaileta hii kwa karafuu za mwaka mmoja mzima. Nitupe wapi?"

Usiku ule, taa imeshushwa, akanieleza jambo ambalo mama hakuwa amenambia. Shoga yake wa utotoni, waliyechuma karafuu pamoja kabla hajaolewa Unguja, alifariki siku chache baada ya redio kunyamaza. Jina lake lilisomwa kwenye matangazo ya vifo. Mtambwe nzima walisikia. Bibi alikuja kuambiwa siku ya tisa, na mchuuzi wa samaki, tena kwa bahati.

"Majirani hawakunambia?" nilimuuliza, maana nilikasirika kwa niaba yake.

"Usiwalaumu. Nyumba yenye redio nani atakwenda kuipa habari? Walijua nimesikia, wakasema labda siwezi kusafiri." Akavuta kanga mabegani. "Hata khitma yake sikuiwahi."

Sikulala vizuri. Mimi si fundi. Nilichokijua ni kile tulichofundishwa darasani, kwamba umeme hautembei mpaka njia yake iwe imefunga, nikajiambia kwamba kabla ya kuamini kwamba ndani kumeungua niitazame njia yenyewe.

Asubuhi nikaomba ruhusa. Bibi akakubali kwa sharti moja: nisiuguse mshale. Kwenye kioo palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, aliipaka shangazi zamani ili bibi ajue stesheni yake ilipo hata akipangusa vumbi. Mshale ulikuwa bado umesimama kwenye nukta.

Niligeuza redio, nikafungua kifuniko cha nyuma. Mawe manne makubwa, mawili juu na mawili chini. Niliyatoa moja moja nikayatia kwenye tochi ya bibi inayokula mawili, nikiyabadilisha mawilimawili. Taa ikawaka kila mara, nyeupe. Basi mawe yalikuwa mazima. Nikayarudisha, nikawasha. Kimya, hata ule mkoromo wa redio isiyokamata kitu haukuwepo. Hilo ndilo lililonipa moyo. Kama ingekuwa na umeme na kilichokufa ni kukamata stesheni tu, walau ingekoroma.

Nikaanza kubonyeza mawe kwa kidole gumba. La kwanza, kimya. La pili, la tatu, kimya. Nilipolisukuma la nne kwa nguvu kuelekea springi yake, redio ikasema *krrr*, neno moja la mtu, kisha ikakatika.

"Bibi!"

"Nimesikia." Alikuwa ameshafika mlangoni, karafuu zingali mkononi.

Kila jiwe lina volti 1.5, na yote manne yanasimama mstari mmoja mpaka zinatimia 6. Mmoja kwenye mstari akiachia mkono, wote wamesimama bure. Na hapa aliyeachia hakuwa jiwe. Nililitoa nikamulika shimo lake kwa tochi. Springi ilikuwa imelala ubavu. Mguu wake umechomoka kwenye mfereji wa plastiki, pete zake zimebanwa zikakaa kama sahani, na nchani pana ukoko wa kijani na unga mweupe. Jiwe la zamani liliwahi kuvuja humo. Sijui fundi yule aliangalia nini wiki nzima.

Niliivuta polepole nisiukate waya uliokuwa umeshika mguuni. Mjomba hutengeneza mashua, kwa hiyo msasa haukukosekana. Nikakata kipande kidogo nikasugua mpaka chuma kikang'aa na kidole changu kikawa cheusi. Upande wa pili, pale jiwe linapogusa bati, nikasugua vilevile. Kisha nikaishika springi kwa koleo nikaivuta pete kwa pete, kwa uangalifu, ikarefuka ikarudi kuwa na nguvu ya kusukuma. Nikaukunja mguu, nikauingiza kwenye mfereji.

Ukachomoka. Mfereji ulikuwa umepanuka.

Nikajaribu mara tatu, na kila nikitia jiwe, springi inalala tena. Nilikaribia kulia, na bibi amenisimamia bila kusema neno. Halafu akainama kwenye fungu la makonyo, akachagua kimoja kikavu, akaniwekea kiganjani.

"Kaza na hiki. Mlango ukilegea si hutiwa kabari?"

Nilikichonga ncha kwa kisu, nikakisukuma kati ya mguu wa springi na plastiki mpaka kikakwama. Nikatia mawe. Nikatikisa redio, nikaigeuza juu chini. Halikucheza hata moja.

"Washa wewe, bibi."

Akajifuta mkono kwenye kanga. Alikizungusha kile kitufe taratibu kabisa, kikasema *tak*, na ukumbi ukajaa udi na zeze na sauti ya mwanamke, mshale bado uko kwenye nukta nyekundu. Bibi hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya redio, kama anavyotupima homa, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Siku ile karafuu zilichambuliwa kwa muziki. Jirani alichungulia dirishani akauliza kuna harusi. Mvua ilipotishia tukakunja majamvi mbio mbio, na bibi akaikimbilia redio kabla ya karafuu.

Usiku, baada ya isha, matangazo ya vifo yakaanza. Bibi akainua mkono, nikaacha hata kutafuna. Majina ya kwanza hakuyajua. Akawaombea tu, midomo ikitembea. Kisha ikatajwa Kojani. Bibi mmoja, jina lake na la baba yake, mama wa fulani na fulani, maziko kesho saa 4 asubuhi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema bibi. "Huyu tumesoma chuo kimoja."

Akapunguza sauti kidogo, akaliendea pindo la kanga yake, akafungua fundo kwa meno na kuanza kuhesabu noti juu ya jamvi.

"Nenda kamwambie mjomba wako asilale," akasema. "Gari ya kwanza inapita alfajiri. Na ile kanga iliyofunika redio nipe, nitajifunika njiani, kutakuwa na umande."